Shajara ya mradi: kusafisha mahojiano yaliyorekodiwa kwenye chumba cha vigae na feni

Kazi yenyewe ni mahojiano ya dakika 52 kati ya mwenyeji na mgeni, kila mmoja na maiki yake na traki yake, 48 kHz, biti 24. Chumba kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3.5 na kimo cha mita 2.8. Sakafu ni vigae, kuta ni plasta tupu, kuna dirisha kubwa la kioo, na feni ya dari ilikuwa inazunguka muda wote. Maiki zilikaa juu ya meza, takriban sentimita 40 kutoka mdomoni. Kurudia kurekodi haiwezekani, kwa hiyo kilichopo ndicho cha kutengenezwa.

Programu ni Audacity, na ffmpeg kwa hatua ya mwisho. Gharama inahesabiwa kwa saa za kazi, na kwa kile kilichopotea kwenye sauti ya msemaji, maana kila hatua ya kusafisha hula kidogo cha maneno. Anayetaka kunakili kazi hii asinakili namba peke yake. Aangalie zilikotoka, kwa sababu chumba chake si hiki.

3 Machi. Kupima kabla ya kugusa

Faili asili zimehifadhiwa pembeni na hazitaguswa. Kila traki imerudufiwa kwa Ctrl+D, na asili imebaki chini yake ikiwa imezimwa, zote zikianzia sekunde ileile. Mpangilio huu ndio uliookoa kazi tarehe 8.

Kwenye traki ya mgeni, mahali ambapo hakuna anayesema, kelele inakaa karibu na -50 dB. Mazungumzo ya kawaida yanakaa karibu na -27 dB. Pengo ni 23 dB, na ndiyo maana feni inasikika hata mtu anapoongea. Traki ya mwenyeji inatofautiana na hiyo kwa desibeli moja au mbili tu.

`Plot Spectrum`, ukubwa 16384, ilionyesha mambo mawili. La kwanza ni upepo wa feni, kelele pana inayoanzia chini na kushuka polepole kuelekea juu. La pili ni mstari mwembamba uliosimama peke yake kwenye 100 Hz: huo ni mota, maana umeme wa 50 Hz huvumisha mota kwa mara mbili yake. Kwenye umeme wa 60 Hz mstari huo utafutwe 120 Hz. Hapa ulikuwa na nguvu kuliko tulivyotarajia, na sababu ni chumba. Kuta mbili zilizoachana mita 3.5 hukuza sauti ya 49 Hz na ya 98 Hz (343 gawanya kwa mara mbili ya umbali, halafu mara mbili ya jibu hilo). Mota imeangukia karibu kabisa na mwitiko wa chumba.

Mwangwi ulipimwa kwa kofi. Mwanzoni mwa rekodi mtu alipiga kofi ili baadaye picha na sauti zioanishwe, na kofi hilo lina faida ya pili. Ukilivuta karibu unaona jinsi mlio unavyozimika. Ulishuka 20 dB ndani ya robo sekunde, kwa hiyo kushuka 60 dB kungechukua sekunde 0.75. Kwa chumba cha mazungumzo hiyo ni nyingi. Chumba chenye mazulia, mapazia na makochi hukaa karibu na 0.3 au 0.4.

Namba hiyo inatoa nyingine yenye maana zaidi. Chukua ujazo wa chumba (mita za ujazo 39.2), gawanya kwa 0.75, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 0.057. Inatoka mita 0.41. Kwa maiki inayosikia pande zote sawa, huo ndio umbali ambao sauti ya moja kwa moja na sauti iliyogonga kuta zinalingana nguvu. Maiki zetu zinasikia zaidi upande wa mbele, kwa hiyo zina nafuu, lakini si kubwa. Kwa maneno mengine, sehemu nzito ya kilichorekodiwa ni chumba, wala si mdomo. Hilo halitaondoka lote, na ni afadhali lijulikane siku ya kwanza.

Gharama: saa 1.

4 Machi. Jaribio la kwanza, limetupwa

Tulianza na kosa la mpangilio. Sauti ya mgeni ilikuwa inapanda na kushuka, ikaonekana ni vyema kuisawazisha kwanza kwa kompresa ili kazi iwe rahisi kusikiliza, kisha kelele iondolewe baadaye. Matokeo: feni ilianza kupumua. Mgeni akinyamaza mvumo unapanda, akisema unazama, na baada ya `Noise Reduction` sauti yake ikawa kama inatoka ndani ya bomba la maji.

Sababu ni hii. `Noise Reduction` hujifunza kelele kutoka kwenye sehemu tulivu, kisha hudhani kelele ileile, kwa nguvu ileile, ipo chini ya maneno yote. Kompresa iliyofuatiwa na kupandisha sauti huinua sehemu tulivu na kukandamiza zenye nguvu. Kelele iliyopimwa kwenye kimya ikawa kubwa kuliko ile iliyo chini ya maneno, na programu ikaondoa zaidi ya iliyotakiwa palepale penye maneno. Tena kompresa iliinua mkia wa mwangwi kati ya neno na neno, hivyo chumba kikasikika kikubwa zaidi.

Mpangilio mpya, ambao haukubadilika tena: kukata masafa ya chini, kuondoa mstari wa mota, kupunguza kelele, kunyamazisha maiki isiyotumika, geti, ikwalaiza, kompresa nyepesi, na mwisho kabisa kiwango cha sauti.

Hatua mbili za kwanza zilifanyika leo hii. `High-Pass Filter` kwenye 80 Hz, mteremko wa 24 dB, haikuleta shida yoyote. `Notch Filter` kwenye 100 Hz ilileta, kwa sababu Q yake, namba inayoamua wembamba wa shimo, mwanzoni ni 1. Kwa Q hiyo kichujio hakichomoi mstari mmoja, kinachimba shimo kuanzia 62 Hz hadi 162 Hz, na humo ndimo ulimo msingi wa sauti za wanaume wengi. Mgeni alikuwa amepoteza kifua chote. Kwa Q ya 30 shimo lina upana wa Hz 3 na kidogo: mvumo wa mota umetoka, sauti imebaki.

Gharama: saa 3, mbili kati ya hizo zimepotea.

6 Machi. Feni ilibadilishwa kasi na hakuna aliyeandika

Sampuli ya kelele ilichukuliwa mwanzoni mwa rekodi, sekunde 4 za kimya. Hadi dakika ya 18 matokeo yalikuwa mazuri. Kuanzia hapo kukatokea mlio wa majimaji, kama ndege wadogo wanaolia mbali, kwenye kila pumziko.

Kwenye picha ya masafa (menyu ya traki, `Spectrogram`) jibu lilionekana bila kusikiliza: kwenye dakika ya 18 rangi ya chini inapanda ghafla na kubaki huko. Mtu aliongeza kasi ya feni. Sampuli ya kasi ndogo haikutosha kufunika kelele ya kasi kubwa. Vipande vilivyoipita sampuli kwa bahati viliachwa vipite, vilivyo chini yake vikaondolewa, na vile vilivyobaki pekepeke ndivyo vinavyosikika kama ndege. Ukisikia mlio huo, jambo la kwanza la kuuliza ni kama sampuli bado inafanana na kelele ya mahali hapo. Kuongeza nguvu ya kuondoa huuzidisha.

Dawa: traki imekatwa kwenye dakika ya 18, na kila upande umepewa sampuli yake. Kila maiki pia ina sampuli yake, maana umbali wake na feni ni tofauti. Jumla ni sampuli nne.

Sampuli fupi nazo zilitusumbua. Nusu sekunde haitoshi kwa feni, kwa sababu kila panga likipita upepo hupanda na kushuka, na nusu sekunde inaweza kuangukia upande mmoja tu wa mzunguko. Sekunde 3 hadi 5 zinafaa, mradi hakuna pumzi wala kiti kinacholia ndani yake. Sampuli moja ilikuwa na pumzi ya mgeni, ambayo kwa masikio hatukuigundua. Matokeo yake programu ikaanza kuona kila sauti yenye pumzi kuwa ni kelele.

Gharama: saa 2.

8 Machi. “Hatalipa” limekuwa “atalipa”

Hili ndilo kosa zito kuliko yote ya mradi huu, na halikugunduliwa na aliyehariri.

Mpangilio ulikuwa wa ujasiri: `Noise reduction` 24 dB, `Sensitivity` 12, `Frequency smoothing` 3. Feni ilitoweka kabisa. Ukisikiliza kwa hedifoni kazi ilionekana imekwisha. Faili likapewa mtu wa kuandika mazungumzo ambaye hakuwahi kusikia rekodi asili. Akaandika, kwenye dakika ya 23, “yeye mwenyewe atalipa”. Rekodi asili inasema “hatalipa”.

H ya Kiswahili ni pumzi tu. Haina mvumo wa koo wala umbo maalumu, ni hewa inayopita, na kwenye picha ya masafa inafanana na upepo wa feni kuliko inavyofanana na sauti ya mtu. Kichujio kilifanya kile kilichoagizwa. Bahati mbaya ni kwamba kwetu sisi pumzi hiyo ndiyo inayobeba ukanusho: hana na ana, hatakuja na atakuja, hatasema na atasema. Irabu inayofuata inabaki nzima, kwa hiyo neno halisikiki limeharibika. Linasikika safi kabisa, na maana yake imepinduka.

Aliyehariri hakusikia kwa sababu alikwisha sikia rekodi asili mara kadhaa na alijua kinachosemwa. Ubongo unajaza h isiyokuwepo. Kuanzia leo kuna kanuni moja: anayekagua usafishaji asiwe amesikia rekodi asili, na asisome mahojiano, aandike anachosikia.

Sauti nyingine zilizoumia ni za jamii ileile. F ya “fedha” ilififia, th ya “thelathini” ikawa karibu na t, na sh na s zikapoteza ukali wake wa juu. S haikuleta hatari ya maana, kwa sababu “sijui” ikipoteza s mtu bado hushtuka kuwa kuna kitu kimekatika. H haimshtui mtu.

Namna ya kutafuta kiwango sahihi ni ile ya kusikiliza takataka. Kwenye `Noise Reduction` chagua `Residue` badala ya `Reduce`, halafu bonyeza `Preview`. Unachosikia ndicho kitakachotupwa. Kikiwa ni upepo mtupu, sawa. Ukianza kusikia mnong’ono unaofuata mdundo wa maneno, umeshaingia kwenye maneno. Kwa mpangilio wa kwanza, sentensi nzima iliweza kufuatwa kwa takataka peke yake.

Tulishusha hatua kwa hatua, tukisikiliza sehemu ileile ya sekunde 12 yenye h tatu. Kwenye 12 dB na `Sensitivity` 6 h ilirudi lakini hafifu. Kwenye 8 dB na `Sensitivity` 4 ilirudi bila shaka, na takataka ikabaki upepo. Hapo ndipo tuliposimama. Kelele imeshuka kutoka -50 hadi karibu -58 dB. Feni bado ipo, ila imesogea nyuma ya msemaji, na msikilizaji huizoea baada ya sekunde chache.

Jaribio la kupita mara mbili, 6 dB kisha 6 dB na sampuli mpya katikati, lilitoa upepo mdogo zaidi na ndege wachache kuliko 12 dB kwa mkupuo mmoja. Lakini h ziliumia karibu sawasawa, kwa hiyo tumeliacha.

Sehemu 5 zilibaki na shaka hata kwa 8 dB, zote mgeni akiwa ameinamisha kichwa. Hizo zimewekwa viraka. Kutoka kwenye traki asili iliyolala chini (ambayo nayo imepitishwa `High-Pass Filter` na `Notch Filter` zilezile, kwa nakala), kipande cha milisekunde 80 hadi 120 chenye h kimenakiliwa juu ya kilichosafishwa, na kingo zake zikapishanishwa kwa milisekunde 10. Upepo unaoingia pamoja na kiraka hausikiki, maana ni mfupi na unafunikwa na irabu inayofuata.

Gharama: saa 5. Kama ukaguzi wa mtu wa pili ungefanyika mwanzo, zingekuwa 2.

11 Machi. Mwangwi: maiki ya pili ndiyo iliyokuwa inaumiza

Kwanza lifahamike kwa nini `Noise Reduction` haigusi mwangwi. Feni ni kitu kilichoongezwa juu ya sauti na hakibadiliki, ndiyo maana kinaweza kujifunzwa na kutolewa. Mwangwi ni sauti ya msemaji mwenyewe, nakala zake maelfu zilizochelewa. Hauna sampuli. Ukijaribu kuchukua sampuli kwenye mkia wa neno utakuwa umeifundisha programu kufuta irabu.

Kabla ya kushughulika na kichujio chochote, tulisikiliza traki ya mgeni peke yake, halafu traki zote mbili pamoja. Tofauti ilishangaza. Peke yake mgeni yuko chumbani. Pamoja, yuko bafuni.

Mgeni akisema, maiki yake ina sauti yake kutoka sentimita 40. Maiki ya mwenyeji, mita 1.3 kutoka mdomo wake, nayo inamsikia. Kwa umbali huo sauti ya moja kwa moja imeshuka kama 10 dB, lakini mwangwi haujashuka, kwa sababu mwangwi umejaa chumba kizima kwa kiwango kinacholingana. Kwa hiyo maiki ya pili inaleta mwangwi mwingi na maneno machache. Ukizichanganya, mwangwi unaongezeka kwa takriban 3 dB, na feni vilevile. Juu ya hayo, sauti inafika kwenye maiki ya pili milisekunde 2.6 baadaye, na zikijumlishwa zinafutana kiasi karibu na 190 Hz, kisha 570 Hz, na kuendelea. Huo ndio ule unyonge wa sauti ambao watu hujaribu kuuziba kwa ikwalaiza bila mafanikio.

Dawa haihitaji programu yoyote maalumu: mmoja akisema, maiki ya mwingine inyamazishwe. Tulijaribu kuiachia geti ifanye hivyo yenyewe na ikashindwa, maana mgeni akipaza sauti maiki ya mwenyeji inapata nguvu ya kutosha kufungua geti lake. Imefanywa kwa mkono. `Envelope Tool` imetumika kushusha traki isiyotumika, na mteremko wa milisekunde 30 kila upande ili feni isikatike ghafla.

Kosa la njiani: mwanzoni tulishusha hadi kimya kabisa kila mahali, pamoja na pale ambapo wote wawili wananyamaza. Hapo feni ilitoweka yote na mahojiano yakawa na mashimo. Sasa wakati wowote maiki moja lazima iwe wazi. Palipo na pumziko, iliyosema mwisho ndiyo inayobaki.

Vile vile “ehee” na “mhm” za mwenyeji zilileta uamuzi mdogo mdogo mwingi. Zile zinazosukuma mazungumzo mbele zimefunguliwa. Zile zinazoangukia juu ya neno la mgeni zimefungwa kwenye traki ya mwenyeji, na zinabaki kusikika kwa mbali kupitia maiki ya mgeni, jambo ambalo halina ubaya.

Hatua hii moja ilipunguza mwangwi kuliko zote zinazofuata zikijumlishwa. Pia ndiyo iliyokula muda: saa 3 na nusu.

13 Machi. Geti na silabi ya mwisho

Mkia wa mwangwi baada ya neno unaweza kuharakishwa kwa `Noise Gate`. Ndani ya neno geti halisaidii kitu, kwani liko wazi.

Kwa namba za mwanzo (`Gate threshold` -40, `Level reduction` -24, `Attack` 10, `Hold` 50, `Decay` 100) maneno yalikatika mikia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ya mwisho kabisa hutamkwa kwa nguvu iliyopungua, hasa mwisho wa sentensi. Geti hulisikia “li” la “atalipa”, halafu “pa” inaangukia chini ya kizingiti na linafunga. Tukawa na “atalip”. Mwanzoni mwa maneno lilikuwa linakula m inayosimama peke yake: “mtoto” likawa “toto”, “mtu” likawa “tu”. Namba za mwanzo za geti zikiletwa hivi zilivyo hukata.

Tulipima silabi za mwisho zilizo dhaifu: nyingi ziko kati ya -44 na -40 dB. Kelele baada ya tarehe 8 iko -58. Kizingiti kimewekwa -46, chini ya silabi na juu ya kelele. `Hold` 180 ili geti lisubiri silabi imalizike, `Decay` 250, na `Level reduction` -8 tu.

Kwa nini 8 tu? Mwangwi wetu unashuka 20 dB kwa robo sekunde. Geti likiongeza 8 ndani ya robo hiyo, kushuka kunakuwa 28, ambako ni sawa na chumba cha sekunde 0.54 badala ya 0.75. Sikio linakubali kuwa chumba ni kidogo zaidi. Kwa 24 dB sikio halikubali tena, linasikia mlango unafungwa. Na kama m fulani itaangukia chini ya kizingiti kwa bahati mbaya, itapungua 8 dB lakini itasikika.

Gharama: saa 2.

15 Machi. Ikwalaiza na kompresa

Kilichobaki cha chumba ni ile sauti ya ndani ya sanduku, karibu 350 Hz. `Filter Curve EQ`, bonde pana la 3 dB hapo, limetosha. Tulijaribu 6 dB: sanduku lilipungua zaidi, lakini m na n zikapauka, kwa kuwa nguvu zao nyingi ziko kwenye masafa hayo ya chini.

Kompresa ni nyepesi, uwiano 2 kwa 1, ikigusa 3 au 4 dB kwenye sauti za juu tu. Zaidi ya hapo mkia wa mwangwi unaanza kurudi, ule uliochukua saa 5 na nusu kuushusha.

Saa 1.

17 Machi. Kelele imerudi kwenye hatua ya mwisho

Faili lilipitishwa hivi ili lifike -16 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia:

```
ffmpeg -i mwisho.wav -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=11 toleo.wav
```

Yalitokea mambo mawili. Faili lilitoka na 192 kHz badala ya 48, yaani mara nne ya iliyotakiwa. Hilo ni tabia ya `loudnorm` inapopita mara moja, na hurekebishwa kwa kuongeza `-ar 48000`. La pili ndilo baya: feni ilisikika tena kwenye mapumziko marefu. `loudnorm` ikipita mara moja haipandishi sauti kwa kiasi kimoja, hufuatilia na kuinua sehemu za chini. Ni lile kosa la tarehe 4 limeingia kwa mlango wa nyuma.

Dawa ni kupima, kisha kupandisha kila kitu kwa kiasi kimoja:

```
ffmpeg -i mwisho.wav -af ebur128 -f null -
ffmpeg -i mwisho.wav -af "volume=7.4dB,alimiter=limit=0.84:level=false" -ar 48000 -c:a pcm_s24le toleo.wav
```

Kipimo kilitoa -23.4 LUFS, ndipo 7.4 ilipotoka. 0.84 ni sawa na -1.5 dB. `level=false` isisahaulike, kwani bila hiyo `alimiter` hupandisha tena matokeo hadi juu kabisa. Na `pcm_s24le` inabakiza biti 24. Ukiiacha, faili la WAV hutoka na biti 16.

Mkaguzi wa pili, ambaye hakuwahi kusikia lolote kati ya haya, aliandika dakika zote 52. Sentensi 14 zenye h ya ukanusho zote ziliandikwa sawa.

Saa 2 pamoja na marekebisho. Jumla ya mradi ni saa 19 na nusu.

18 Machi. Yaliyoachwa yalivyo

Dakika ya 31, pikipiki inapita nje huku mgeni akisema. Mlio wake unapanda kutoka 120 Hz hadi karibu 300, juu ya sauti yake. Kuufuta kwenye picha ya masafa kulimfanya mgeni asikike kama anaongea kwa simu kwa sekunde 6, na hilo linaudhi kuliko pikipiki. Imebaki.

Dakika ya 44, wote wanasema pamoja kwa sekunde 9. Maiki zote mbili ziko wazi, hivyo chumba kinapanuka ghafla. Imepunguzwa kwa kushusha maiki ya mwenyeji 6 dB, si zaidi, maana swali analouliza linahitajika.

Mwangwi wa ndani ya maneno, zile nakala zinazofika ndani ya milisekunde 50 za kwanza, haukuguswa kabisa na hatua yoyote ya hapo juu. Vipo vichujio vinavyokadiria jinsi chumba kinavyozimika na kutoa mkia ndani ya kila masafa. Kimoja kimejaribiwa kwenye dakika 2, kwa nguvu ndogo, na kilipunguza mkia vizuri. H tatu kati ya saba zilififia, kwa hiyo hakikutumika kwenye traki ya mgeni.